Ssenga Si Mshenga: Dhana Potofu za Mswahili Anayeposa Buganda

Nimeishi Kampala miaka tisa, na mara tatu nimevaa kanzu kumsindikiza Mtanzania mwenzangu kwa wazazi wa binti wa Kiganda. Kinachotuponza ni kufanana. Maneno yao yanasikika kama yetu, basi tunadhani na mambo yao tunayajua.

Dhana: ssenga ndiye mshenga. Rafiki yangu, fundi umeme kutoka Tanga, alipendana na binti wa ukoo wa Nsenene ambaye wazazi wake wako Masaka. Akafanya kama wafanyavyo kwao: akamtafuta mzee wa heshima, akamtuma na barua kwa baba wa binti. Mzee alipokewa vizuri, akanywa chai, akarudi bila jibu. Rafiki yangu akaamini amekataliwa kwa sababu ni mgeni.

Ukweli ni kwamba baba hakuwa na la kujibu, maana dada yake hajamwambia kitu. Ssenga ni shangazi, dada wa baba, naye ni wa upande wa mke, ilhali mshenga wetu hutumwa na upande wa mume. Binti humweleza ssenga kwanza, ssenga ndiye humfikishia kaka yake habari, kisha hupokea wageni katika kukyala, ziara ndogo ya watu wachache. Hapo ndipo siku ya kwanjula na orodha ya zawadi hupangwa. Kwanjula maana yake ni kutambulisha, na anayetambulisha ni binti: wewe ndiwe unayeonyeshwa kwa wazazi. Siku yenyewe husemi chochote. Unakaa katikati ya wenzako, mwogezi, yaani msemaji mliyemkodi, anajibizana na mwogezi wa upande wa pili kwa Kiganda, mpaka ssenga apite kukutafuta na kukubandika ua kifuani.

Rafiki yangu alianza upya, safari hii binti akaenda mwenyewe kwa shangazi yake. Wiki mbili baadaye tuliitwa.

Dhana: heshima kwa mama mkwe ni kumpa mkono. Hapa nilishuhudia uso wa mama ukibadilika. Kijana wetu, kwa adabu zote za Tanga, aliinama na kunyoosha mikono miwili ili aubusu mkono wake. Mama akarudi nyuma hatua nzima. Kwa Waganda, mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani wala hawasogeleani. Kuna maradhi yanayoitwa obuko, ya kutetemeka mwili, ambayo wazee husema humpata anayevunja mwiko huo. Uamini usiamini, salimia kwa mbali. Sema "Gyebaleko nnyabo", kisha tulia.

Na upande wa pili wa shilingi: binti akikupigia magoti anapokusalimu, usijenge nyumba hewani. Huwapigia magoti hata majirani wazee na wageni wa baba yake. Ni malezi.

Dhana: Kiswahili fasaha kitawavutia wakwe. Kwa vijana wa mjini, labda. Wazee wengi wa Buganda walikisikia zaidi kinywani mwa askari, hasa enzi za Idi Amin, na amri za usiku hazisahauliki haraka. Jifunze salamu za Kiganda kabla ya kitu kingine.

Kuhusu kanzu, yako nyeupe ya Ijumaa inakaribia tu. Ya kwanjula ina omulela, ule mshono mwekundu wa kifuani, na juu yake huvaliwa koti.

Dhana: kwanjula ni posa tu, na mahari ni ya bibi harusi. Mutwalo, ndiyo mahari yao, hupewa wazazi. Na katika zawadi, unaweza kujadiliana juu ya sukari, nyama na gomesi, vazi la heshima la mama, lakini usimsahau jogoo wa muko, kaka wa binti, maana bila jogoo huyo shughuli hukwama. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, ila kutoa mahari kwenyewe hakukupigwa marufuku.

Watu wetu wengi huondoka hapo wakidhani wamechumbia, kumbe wameoa. Sheria ya usajili wa ndoa za kimila ya 1973 inaitambua ndoa iliyofungwa kwa desturi za jamii ya Kiafrika hata kama ni mmoja tu wa wawili aliye wa jamii hiyo. Kuwa Mtanga hakukutoi ndani yake. Ndoa hiyo hutakiwa kusajiliwa gombolola, ofisi ya serikali ya ngazi ya kata, ndani ya miezi sita.

Rafiki yangu alisajili mwezi wa nne. Mama yake huko Tanga bado anapiga simu kila Ijumaa kuuliza nikaha ni lini.