Mkata miwa wa msimu na likizo: yasemwayo shambani na yaliyomo kwenye sheria

Kwenye mashamba ya miwa ya Tanzania Bara watu hutumia maneno mawili kana kwamba ni kitu kimoja: ruhusa na likizo. Ruhusa anaitoa msimamizi, akipenda. Likizo imeandikwa kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na msimamizi hana uwezo wa kuifuta. Vibarua wengi hupoteza haki yao kwa sababu huomba likizo kama mtu anayeomba ruhusa.

Dhana: "Wa msimu hana likizo, mpaka afikishe miezi sita."

Ni kweli kwamba mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kazini hana likizo ya malipo. Lakini kifungu hichohicho, cha 29, kinamtoa mfanyakazi wa msimu kwenye sharti hilo: yeye anastahili likizo za malipo hata kama msimu wake ni mfupi. Wapo pia wanaoitwa kazini mara kadhaa kwa mwaka, kila mara kwa miezi miwili au mitatu, kisha wanaachwa. Hao nao wanastahili, mradi jumla ya muda waliomfanyia mwajiri yuleyule ndani ya mwaka huo imezidi miezi sita. Kwa hiyo mikataba yote ya mwaka itunzwe, hata ile iliyokwisha. Ukibaki na wa mwisho tu, utaonekana ni mtu wa miezi miwili.

Dhana: "Msimu ukiisha bila kupumzika, likizo imekufa."

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kwa mfanyakazi wa msimu sheria inaamuru kwamba msimu unapoisha alipwe sehemu ya likizo aliyoichuma. Kiwango ni mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi au alizostahili kufanya kazi.

Tumchukue mkataji aliyeingia mwanzoni mwa Juni akatoka mwishoni mwa Novemba: wiki 26, siku sita kwa wiki. Hizo ni siku 156. Gawanya kwa 13, unapata siku 12 za likizo ambazo lazima zilipwe.

Swali linalofuata ni siku moja ina thamani gani kwa mtu anayelipwa kwa kazi aliyokata, leo nyingi, kesho kidogo. Sheria inaangalia wastani wa wiki 13 za mwisho, au muda wote aliofanya kazi kama haufiki wiki 13. Tuseme katika wiki hizo 13 mkataji wetu alifanya siku 78 na mshahara wake wa msingi ulikuwa jumla ya shilingi 936,000. Siku moja ni shilingi 12,000, na likizo yake ni shilingi 144,000. Malipo ya saa za ziada na posho hayaingii kwenye hesabu hii, na ndiyo maana jibu huwa dogo kuliko mtu alivyotarajia.

Ukiambiwa "likizo tayari imo kwenye malipo yako ya kila siku", omba uoneshwe ilipoandikwa kwenye mkataba na kwenye hati ya malipo. Na siku zako ziandike mwenyewe kwenye daftari kila jioni, tarehe na kazi uliyokata. Orodha ya mahudhurio ikikosewa mwezi Julai, Novemba hakuna atakayekumbuka.

Dhana: "Wakati wa mavuno hakuna kutoka, hata ufiwe."

Likizo ya mwaka kweli inapangwa na mwajiri, naye ana sababu. Muwa uliochomwa na kukatwa huanza kupoteza sukari haraka. Unatakiwa ufike kiwandani ndani ya siku moja au mbili, na kundi likipungua watu mzigo hulala shambani. Ukiomba mapumziko ya kawaida katikati ya msimu, anaweza kukukatalia.

Msiba na ugonjwa ni habari nyingine, havisubiri masika. Kuna angalau siku nne za malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wako, au kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu yako. Siku hizo nne ni jumla, hazianzi upya kwa kila tukio. Zinazozidi ni za makubaliano, na zinaweza kuwa bila malipo.

Lugha yetu huwatega wengi hapa. Mtoto wa baba mdogo tunamwita kaka, na baba mdogo mwenyewe tunamwita baba. Mwajiri ana haki ya kudai uthibitisho. Umeandika "kaka", kisha barua ya mtendaji wa kijiji inasema "binamu", na unaonekana mwongo wakati hukukusudia kudanganya. Mjomba, shangazi na mama mkwe hawamo kwenye orodha ya sheria. Kwa hao sema ukweli, uombe siku za makubaliano.

Kwa ugonjwa kinachohitajika ni cheti cha daktari. Bila cheti, mwajiri halazimiki kulipa siku hizo. Kama umejikata na panga kazini, taarifa itolewe siku hiyohiyo, kwa sababu fidia ya ajali ya kazini ina njia yake.

Dhana: "Nilimwambia mnyapara, inatosha."

Mnyapara akihamishwa kundi, maneno yako yamekwenda naye. Kukosa kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika kunaweza kuhesabiwa kosa kubwa la kumfukuzisha mtu. Safari ya kutoka Kilombero hadi Kigoma, kwenda na kurudi, inakula siku hizo upesi.

Andika, hata kwa mistari michache: "Kwa msimamizi wa kundi la 4. Naomba likizo ya msiba siku nne kuanzia Jumanne, kufiwa na mama yangu mzazi. Naomba pia siku tatu za nyongeza bila malipo kwa ajili ya safari. Nitaripoti kazini Jumatano ya wiki inayofuata." Weka jina, namba ya kazi na saini. Andika nakala mbili; moja isainiwe na aliyeipokea, ibaki kwako. Akikataa kusaini, piga picha ya barua kwa simu na umtumie ujumbe wenye maneno hayohayo, ili tarehe na saa zibaki. Ikiwezekana, barua imfikie kabla shamba la kesho halijachomwa. Wakati huo bado anaweza kuongeza mtu kwenye kundi, na ni rahisi zaidi kwake kukubali.

Dhana: "Nitadai msimu ujao nikirudi."

Utakuwa umechelewa. Mgogoro wa malipo, yakiwemo ya likizo, hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu namba moja ndani ya siku 60. Ukipinga kuachishwa kazi, una siku 30 tu. Nakala ya fomu anapewa mwajiri kwanza, na uthibitisho kwamba ameipokea unaambatanishwa. Tatizo ni kwamba siku mbili tatu baada ya malipo ya mwisho wengi huwa wameshapanda basi la kwenda kwao. Kwa hiyo hesabu ya siku zako igawanye kwa 13 wiki moja kabla msimu haujafungwa, uipeleke kwa karani wa mishahara ukiwa bado kambini, na kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, kiongozi wake apate nakala kabla hujaondoka.