Ruhusa ya masomo kwa muuguzi: ile aya ya "nitarejea" tunaisomaje ofisini

Kila mwaka kuanzia Septemba, vyuo vikuu vikishatoa majina ya waliodahiliwa, trei ya barua zinazoingia masijala hujaa barua za wauguzi. Nyingi zinafanana: stashahada, miaka kadhaa kazini, sasa amepata nafasi ya Shahada ya Uuguzi Muhimbili, Dodoma, Bugando au KCMC, anaomba ruhusa ya miaka minne, na mwishoni anaahidi kwamba akihitimu atarejea kulitumikia taifa kwa moyo wote. Mimi ni Afisa Utumishi wa halmashauri ya wilaya, na barua hizi hupita mezani kwangu kabla hazijamfikia Mkurugenzi. Nataka nieleze kwa nini baadhi zinatoka na nyingine zinakwama, maana walio wodini mara nyingi hudhani ni roho mbaya ya mtu.

Kinachoamua ni ikama, yaani idadi ya watumishi tulioidhinishiwa kuwa nao. Muuguzi akienda masomoni kwa ruhusa, anabaki kuwa mtumishi wetu. Mshahara unaendelea kuingia, jina lake halitoki kwenye orodha, na nafasi yake inahesabika kuwa ina mtu. Kwa hiyo hatuwezi kuomba kibali cha kuajiri mwingine mahali pake. Chukua kituo cha afya chenye wauguzi watano wa wodi ya wazazi. Mmoja akiondoka, wanabaki wanne kwa miaka minne, zamu za usiku ni zilezile, na siku mmoja wao akienda likizo ya uzazi wanabaki watatu. Mganga Mfawidhi anayesita kuweka saini anapiga hesabu hiyo. Na ndiyo maana ahadi ya kurudi ina uzito: halmashauri inavumilia pengo la miaka minne kwa matarajio kwamba litazibwa na mtu mwenye ujuzi zaidi. Asiporudi, wodi imepoteza mara mbili.

Ukishaelewa hapo, utaelewa pia kwa nini kuandika barua mwezi Oktoba, ukiwa umeshapata udahili na chuo kinafunguliwa wiki tatu zijazo, ni kujitafutia matatizo. Halmashauri huwa na mpango wa mafunzo wa watumishi wake, na mpango huo huandaliwa pamoja na bajeti, miezi mingi kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Aliyetaka kuanza chuo Novemba 2025 alipaswa jina lake liwe limeshaingia kwenye mpango wa 2025/26, yaani awe amezungumza na Mfawidhi wake na Muuguzi Mkuu wa Wilaya tangu mwishoni mwa 2024. Wakati huo huna barua ya udahili na wala huhitaji kuwa nayo. Unahitaji kuandikwa tu: jina, kada, kozi unayokusudia, mwaka. Ambaye jina lake halimo anaweza kusaidiwa, lakini anakuwa anaomba kupenyezwa, na mara nyingine anachopewa ni likizo bila malipo badala ya ruhusa ya masomo. Tofauti ya hivyo viwili utaiona kwenye akaunti ya benki mwezi wa kwanza tu.

Jambo jingine la mapema ni kuthibitishwa kazini. Aliye bado kwenye kipindi cha majaribio asijisumbue. Lakini wapo waliomaliza majaribio miaka mingi iliyopita na barua ya kuthibitishwa hawana, kwa sababu hakuna aliyeifuatilia. Fungua faili lako nyumbani leo uangalie kama ipo. Ukikuta haipo, hilo ndilo la kushughulikia kwanza, kabla hata ya kuomba chuo.

Sasa barua yenyewe. Anwani ni ya Mkurugenzi Mtendaji, lakini haiendi kwake moja kwa moja. Inapita kwa Mganga Mfawidhi wa kituo chako, kisha kwa Muuguzi Mkuu wa Wilaya na Mganga Mkuu wa Wilaya, kila mmoja akiandika maoni yake na kugonga mhuri. Barua iliyoruka ngazi hurudishwa ianze upya, na hapo ndipo wiki mbili hupotea bila mtu kukukatalia chochote. Pita nayo mwenyewe mkononi. Najua utaratibu unasema barua zinatembea zenyewe, ila barua za vituo vya mbali hutembea kwa mwendo wa gari la chanjo.

Niichukue barua moja niliyoipitia, nikiwa nimebadilisha mambo ya kumtambulisha mwenyewe. Alikuwa Afisa Muuguzi Msaidizi, mwenye stashahada, amethibitishwa, leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hai. Rasimu ya kwanza aliyonionyesha ilianza vizuri, kichwa cha habari kikieleweka na namba ya cheki ikiwepo. Halafu ikaja aya tatu kuhusu ndoto zake tangu utotoni, na mwisho ahadi hii:

"Ninaahidi kwamba mara nitakapohitimu masomo yangu nitarejea kuendelea na majukumu yangu kwa uaminifu na uadilifu mkubwa."

Nikamwambia, sista, hii sentensi kila mtu anaiandika, hata yule ambaye tayari ameshaulizia nafasi hospitali binafsi. Msomaji wa barua hii anataka kujua utaondoka tarehe ngapi, utarudi lini, na nani atashika zamu zako. Alikwenda, akarudi na hii:

"Masomo yanaanza Novemba 2025 na mtihani wa mwisho wa mwaka wa nne unatarajiwa Julai 2029, kwa mujibu wa barua ya udahili na maelezo ya kozi niliyoambatisha. Nitaripoti kwa Mkurugenzi ndani ya siku saba baada ya mtihani huo. Kila mwisho wa mwaka wa masomo nitawasilisha matokeo yangu kupitia kwa Mganga Mkuu. Niko tayari kusaini mkataba wa mafunzo. Ada na gharama nyingine nitajilipia. Nimezungumza na Mganga Mfawidhi kuhusu zamu za wodi ya wazazi, na maoni yake yako kwenye barua hii."

Zile aya za utotoni zote zilitoka. Barua ikawa ukurasa mmoja, na viambatisho vikawa barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa, leseni, barua ya udahili na maelezo ya kozi kutoka chuoni. Mfawidhi aliandika kwa mkono wake kwamba anampitisha, akaongeza kwamba kituo kiangaliwe kupata muuguzi wa kuhamishwa kutoka zahanati yenye afueni. Maoni ya namna hiyo yana nguvu kuliko sifa zozote za mwombaji, kwa sababu yanampa Mganga Mkuu njia ya kusema ndiyo.

Tazama tarehe aliyoitaja: mtihani wa mwisho, siyo mahafali. Wengi huandika "hadi nitakapohitimu", na kwa mwanachuo kuhitimu ni siku ya joho. Kati ya mtihani wa mwisho na siku ya joho kuna miezi kadhaa. Kwa ofisi, masomo yameisha siku ulipotoka chumba cha mtihani, na miezi hiyo ukiwa nyumbani Morogoro ukisubiri mahafali, unapokea mshahara bila kuwa kazini wala darasani. Kuwa mtoro kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa linaloweza kukufukuzisha kazi, na mahafali si sababu ya msingi. Siku ya mahafali yenyewe utaombewa ruhusa ya siku mbili tatu kama mtu mwingine yeyote. Kama kozi yako ina utarajali baada ya mwaka wa mwisho, uliza chuoni na Barazani kama nawe unakuhusu, kisha uutaje tangu kwenye barua ya kwanza. Ruhusa ya miaka minne haijiongezi yenyewe kuwa mitano.

Vivyo hivyo kwa sapu na kukeri. Ofisini hatumcheki mtu aliyefeli somo, masomo ya afya ni magumu na wengine wanasoma wakiwa na watoto wadogo. Kinacholeta shida ni kunyamaza. Ukiona mwaka utarudiwa au umeahirisha kwa ugonjwa, andika kuomba kuongezewa muda kabla ruhusa haijaisha, ukiambatisha barua ya chuo. Ombi la namna hiyo mimi sijaona likileta ugomvi. Likija miezi minne baada ya ruhusa kuisha, mshahara umeshasimamishwa na faili liko kwenye meza ya nidhamu. Tangu uhakiki wa watumishi hewa wa mwaka 2016, hakuna Mkurugenzi anayekubali jina lilipwe huku mwenyewe haonekani na karatasi haipo.

Mkataba wa mafunzo nao usomwe kabla ya kusainiwa. Unataja muda utakaolazimika kumtumikia mwajiri baada ya kurudi, na utakachorejesha ukiondoka mapema. Usidhani kwamba kwa kuwa ada umejilipia basi hudaiwi kitu. Mshahara uliolipwa ukiwa darasani nao ni gharama. Ahadi yako pia ni kwa halmashauri, siyo kwa wodi fulani. Ukirudi na shahada, Mkurugenzi anaweza kukupangia hospitali ya wilaya, na barua yako ya kurejea kituo kile kile haimfungi. Wanaorudi leo na kuomba uhamisho kesho wanajua majibu watakayopata.

Siku ya kurudi, usiende moja kwa moja wodini kushika zamu, hata kama wenzako wanakuhitaji. Anza na barua ya kuripoti kwa Mkurugenzi, uambatishe matokeo ya muda kama cheti hakijatoka. Barua hiyo ndiyo inayofunga ruhusa yako, na ndiyo mwanzo wa kubadilishiwa kada kutoka Afisa Muuguzi Msaidizi kwenda Afisa Muuguzi. Hapo kuna kusubiri: usajili wa shahada Barazani, nafasi kwenye ikama na bajeti, kisha kibali kutoka Utumishi. Katika kipindi hicho utafanya kazi ya shahada kwa mshahara wa stashahada, na hilo ni vizuri ukalijua tangu sasa. Tutakapoanza kuandaa ombi lako, karatasi ya kwanza nitakayoitafuta kwenye faili ni barua ya ruhusa ya masomo. Aliyesoma kimyakimya wikiendi na usiku bila ruhusa, akaja na cheti halali kabisa, ndiye anayenipa kazi ngumu zaidi ofisini. Kwa hiyo nakala yako yenye mhuri na namba ya kumbukumbu usiiache chuoni, na piga picha kwenye simu pia, maana faili la masijala nalo hupotea.