Picha iko wazi, ila templeti ya sura ni kitu kingine

"Picha yangu si nimeipost mwenyewe, sasa kompyuta ikiisoma na kunitaja jina shida iko wapi?"

Shida haiko kwenye picha. Sheria ya data ya Ulaya, GDPR, inasema wazi kabisa kwamba picha peke yake haihesabiwi kuwa data ya kibayometriki, inakuwa hivyo pale programu inapopima sura na kuigeuza kuwa mfululizo wa namba wa kukutambua wewe tu, hiyo ndo templeti, na ikifika hapo inaingia kundi moja na taarifa za afya, hairuhusiwi mpaka ukubali waziwazi au kuwe na sababu nyingine iliyotajwa na sheria. Kenya nayo, sheria ya 2019, imeweka bayometriki kwenye data nyeti. Na ni haki, maana paswodi ikivuja unabadilisha, sura utaibadilishaje?

Chukua kesi ya Facebook kule jimbo la Illinois, Marekani. Rafiki akikutagi kwa kukujua kwa macho, hakuna templeti hapo. Ila mtambo uliokuwa unapendekeza jina ulikuwa unapima sura ndo uzilinganishe na templeti zilizohifadhiwa, na sheria ya jimbo ya 2008 inataka ridhaa ya maandishi kwanza. Facebook wakalipa dola milioni 650 kumaliza kesi, na 2021 wakatangaza kufuta templeti za watu zaidi ya bilioni moja. Picha zenyewe na tagi za mkono zikabaki.