Kompyuta imepiga jumla, lakini nani alipiga mistari?

Wiki hii nimeambiwa tena: «Papa, hiyo fakitire imetoka kwa kompyuta, haiwezi kukosea.» Aliyeniambia ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi, kijana mwenye adabu, na alikuwa anaamini kabisa anachosema. Mimi nimechoka. Kazi yangu ni kuhakiki fakitire kabla patroni hajatia sahihi ya malipo, na nyingi ya zile ninazorudisha zimetoka kwa kompyuta. Za kuandikwa kwa mkono hukosea pia, ila angalau hakuna mtu anayeziapia.

Kompyuta inajumlisha ilichopewa. Mtu akifuta fomula kwenye mstari mmoja na kuandika namba kwa kidole, Excel itaichukua hiyo namba na kuijumlisha vizuri sana. Kwa hiyo ukijumlisha kutoka juu kwenda chini na jumla ikakubali, umejua kitu kimoja tu: kwamba kujumlisha ni sawa. Kuzidisha bado hujakugusa.

Hii ndiyo fakitire yenyewe, kwa dola, bila jina la duka:

```
Bidhaa            Idadi    Bei      Kiasi
Saruji, mfuko       120   11,85   1422,00
Nondo, kipande       85   10,40    884,00
Misumari, kilo       60    1,75    150,00
Skurubu, moja      2400    0,13    318,00
Mabati, moja         46    9,35    430,10
Jumla HT                          3204,10
TVA 16%                            512,66
Jumla TTC                         3716,76
```

Jumlisha safu ya mwisho: 3204,10. Piga asilimia 16: 512,66. Ongeza: 3716,76. Kila kitu kimekaa. Mtu wa kasha akiishia hapo, analipa.

Mimi naanzia upande wa pili. Nafunga macho kwa safu ya kiasi, nazidisha idadi kwa bei mwenyewe, kisha ndipo nalinganisha. Kwenye Excel ya Kifaransa fomula moja inatosha kujua kama kuna shida:

```
=SOMMEPROD(B2:B6;C2:C6)
```

Nikiandika idadi na bei kama zilivyo kwenye karatasi, inatoa 3153,10. Karatasi inasema 3204,10. Tofauti ni dola 51.

Wahasibu wa zamani wana ujanja mmoja mzuri: tofauti ikigawanyika kwa 9, shuku tarakimu mbili zilizopishana, kwa sababu kupishana kwa tarakimu jirani huzaa tofauti inayogawanyika kwa 9 siku zote. Ikiwa sawa na kiasi cha mstari mmoja mzima, shuku mstari ulioachwa nje ya jumla. Hilo la pili hutokea sana mtu anapoandika 539.00 kwa nukta kwenye mashine inayotaka mkato: Excel inaiona kama maandishi, inaisukuma kushoto mwa kisanduku, na SOMME inairuka bila kusema neno. Sasa 51 haigawanyiki kwa 9, wala hakuna mstari wa 51. Ujanja umekufa? Hapana. Umekwama tu kwa sababu makosa ni mawili yamekaa pamoja. Shuka mstari kwa mstari.

Misumari: 60 mara 1,75 ni 105,00. Wao wameandika 150,00. Tofauti 45, ambayo inagawanyika kwa 9, na tarakimu zenyewe unaziona zimepishana. Hilo limeisha.

Skurubu ndizo zinanitoa jasho. 2400 mara 0,13 ni 312,00, wao wameandika 318,00. Nilipompigia karani, alijibu mistari yote miwili kwa neno moja: «Ni arondi tu, papa.»

Arondi! Kila kitu kwao ni arondi. Arondi ina kipimo chake, haiwi kubwa kwa kutaka kwako. Bei ikiandikwa kwa senti nzima, bei ya kweli iliyofichwa nyuma yake inaweza kutofautiana nayo kwa nusu senti, si zaidi. Nusu senti hiyo unaizidisha kwa idadi. Kwa kilo 60 za misumari, arondi haiwezi kupita senti 30. Dola 45 haziingii humo hata ukizikunja. Kwa skurubu 2400, nusu senti inafika dola 12, kwa hiyo dola 6 zinawezekana kabisa.

Na kweli, gawanya 318 kwa 2400, unapata 0,1325. Karani hakuiba kitu. Skurubu zinauzwa kwa boksi la 200 kwa dola 26,50, maboksi 12 ni dola 318. Mtu alitaka kuonyesha bei ya moja moja, kisanduku kikaonyesha tarakimu mbili tu, lakini nyuma Excel ikaendelea kuzidisha kwa 0,1325. Kinachoonekana na kinachozidishwa havikuwa namba moja. Dawa ni kuandika idadi 12 na bei 26,50, kama komandi yetu ilivyosema.

Kipimo hicho nakiweka kwenye kila mstari:

```
=ABS(B2*C2-D2)<=B2*0,005+0,005
```

Ikisema VRAI, arondi inaweza kuwa sababu. Ikisema FAUX, arondi si sababu, tutafute nyingine.

Lakini sikudanganyi kwamba kipimo hiki kinaniridhisha. «Inaweza» si «ndiyo». Kadiri idadi inavyopanda na bei inavyoshuka, mlango unapanuka: kwa vipande 10000 dola 50 zitapita na fomula itasema VRAI kwa furaha. Mwenye nia mbaya anaweza kukaa humo raha mustarehe, na hesabu peke yake haitamtofautisha na yule kijana wetu wa maboksi. Ndiyo maana kwa bidhaa ndogo ndogo nadai bei ya boksi au ya mia, na nailinganisha na komandi. Senti moja mbili kwenye TVA naziacha, maana kupiga kodi kwa kila mstari na kuipiga kwa jumla kunaweza kutoa senti tofauti. Mpaka wa kuacha uwe wapi hasa, mimi na mhasibu wetu bado tunabishana.

Na hesabu sahihi haisemi kwamba mifuko 120 ilishuka kwenye gari. Hilo linaonekana kwenye karatasi ya kupokelea mizigo.

Fakitire sahihi ilitakiwa kuwa HT 3159,10, TVA 505,46, TTC 3664,56. Tofauti na ile ya kwanza ni dola 52,20: zile 45 za misumari pamoja na kodi yake ya 7,20.

Kesho yake wakaleta mpya. Misumari 105,00, safi. Skurubu maboksi 12, safi. HT 3159,10, safi. TVA 512,66. Ile ile ya jana, kwa sababu nayo ilikuwa imeandikwa kwa kidole. Nimeirudisha, na nimewaandikia wasirekebishe mstari wa TVA peke yake, kwa sababu TTC sijui nayo imeandikwa na nani.