Kadi moja, mitandao miwili: nani huchagua njia mteja anapogusisha?

Ukigeuza kadi ya debiti iliyotolewa na benki kubwa ya Australia, mara nyingi utakuta ina nembo mbili. Mbele kuna Visa au Mastercard. Nyuma, kwa maandishi madogo, kuna eftpos, mtandao wa malipo wa nchi hiyo yenyewe. Akaunti ni moja na salio ni lilelile, lakini fedha zinaweza kuitishwa kwa njia mbili tofauti. Mwenye kadi hahisi tofauti yoyote. Anayeihisi ni mfanyabiashara, mwisho wa mwezi, anapoletewa bili ya ada.

Mteja akichomeka kadi kwenye mashine, swali la njia linaulizwa waziwazi. Mashine humwonyesha CHQ, yaani akaunti ya hundi, SAV, yaani akaunti ya akiba, na CR, yaani mkopo. Akibonyeza CHQ au SAV, malipo yanapita eftpos. Akibonyeza CR, yanapita Visa au Mastercard, hata kama kadi yake si ya mkopo. Mambo yalibadilika pale kugusisha kadi kulipokuwa mazoea. Kadi inayogusishwa haina betri. Inapata umeme kutoka kwenye mashine, na mazungumzo yote kati yake na mashine kwa kawaida huisha ndani ya nusu sekunde hivi. Hapo hakuna nafasi ya kumuuliza mtu kitu. Uamuzi lazima uwe umeshafanywa kabla kadi haijakaribia.

Umefanywa na nani? Tuangalie kinachotokea kwenye chipu. Jambo la kwanza ambalo mashine hufanya ni kuiomba kadi orodha ya programu za malipo ilizobeba. Ombi hilo lina jina lake maalumu, na jibu, likiondolewa mapambo, linafanana na hili:

```
2PAY.SYS.DDF01
  A0000000031010   87 = 01
  A00000038410     87 = 02
```

Mstari wa juu ni jina la orodha. Chini yake kuna programu mbili, kila moja na namba yake ya utambulisho, inayojulikana kama AID. Ile inayoanza na A000000003 ni ya Visa. Ile inayoanza na A000000384 ni ya eftpos. Kipengele cha 87 kinaeleza kipaumbele, na 01 ndicho cha juu kabisa. Namba hizo za kipaumbele haziwekwi na mteja wala na muuza duka. Zinaandikwa na benki iliyotoa kadi, siku kadi inapotengenezwa.

Mashine isiyo na maelekezo mengine inafuata utaratibu wa kawaida: inatoa kwenye orodha programu isizozifahamu, kisha kati ya zilizobaki inachukua yenye kipaumbele cha juu. Katika mfano wetu ni Visa. Kwa kadi nyingi za Australia zenye mitandao miwili, mtandao wa kimataifa ndio uliowekwa mbele, kwa hiyo kugusisha kulihamisha malipo mengi kutoka eftpos bila mfanyabiashara kuulizwa.

Mashine ikishachagua programu, hakuna kurudi nyuma. Programu hiyo ndiyo inayotengeneza msimbo wa siri wa muamala, na msimbo huo unathibitishwa kwa ufunguo wa programu hiyohiyo. Huwezi kuanza na Visa kwenye kaunta kisha ukabadili mawazo njiani na kupeleka malipo eftpos. Si kila nchi iko hivyo. Marekani, kadi za debiti hubeba AID ya pamoja ambayo mitandao kadhaa inaweza kuitumia, kwa hiyo njia inaweza kuamuliwa baada ya kadi kusomwa. Australia uamuzi unakaa kwenye mashine, katika ile sehemu ndogo ya sekunde baada ya orodha kufika.

Basi dawa nayo imewekwa hapohapo. Mfanyabiashara anamwomba aliyempa mashine, iwe benki au kampuni ya malipo, abadilishe mipangilio yake. Kuanzia hapo, mashine ikikuta programu mbili kwenye orodha, inapuuza kipaumbele cha benki iliyotoa kadi na kufuata cha mfanyabiashara. Ikikuta moja tu, inaitumia hiyo. Mteja anagusisha kama kawaida. Benki Kuu ya Australia, ambayo ndiyo inayosimamia mifumo ya malipo nchini humo, imekuwa ikiwashinikiza watoa mashine kwa miaka kadhaa wawape wafanyabiashara nafasi hii, kwa hoja kwamba mitandao haitashindana kwa bei ikiwa anayelipa ada hana sauti katika kuchagua.

Kwa nini ada zitofautiane wakati akaunti ni ileile? Kwa sababu ada anayotozwa mfanyabiashara imejengwa kwa tabaka. Kuna sehemu inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi, kuna sehemu ya mtandao wenyewe, na kuna faida ya mtoa mashine. Tabaka la kwanza limewekewa mipaka: tangu Julai 2017 kanuni za Benki Kuu ziliitaka mitandao ya debiti ihakikishe wastani wa sehemu hiyo hauzidi senti 8 kwa muamala. Lakini huo ni wastani. Ndani yake mtandao unaweza kumpa mfanyabiashara mkubwa kiwango cha chini sana na kumpandishia mdogo. Ndiyo maana duka dogo na mnyororo wa maduka makubwa, wakipokea kadi zilezile, hawalipi sawa.

Tofauti nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye manufaa zaidi kuielewa, ni umbo la ada. Ya eftpos mara nyingi ni senti kadhaa zisizobadilika kwa kila muamala. Za mitandao ya kimataifa mara nyingi hupanda kulingana na kiasi kinacholipwa. Tuchukue mfano niliobuni ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme duka linatozwa senti 12 kwa kila malipo ya eftpos, na asilimia 0.5 kwa kila malipo ya debiti yanayopita mtandao wa kimataifa. Bidhaa ya dola 80 italigharimu senti 40 upande wa kimataifa na senti 12 upande wa eftpos. Bidhaa ya dola 4 inageuza mambo: senti 2 upande wa kimataifa, na senti zilezile 12 upande wa eftpos. Mahali ada mbili zinapolingana ni dola 24.

Sasa tuseme kwa mwezi duka hilo linapokea malipo 2,000 ya dola 60 na mengine 2,000 ya dola 4, yote kwa kadi zenye mitandao miwili. Likiyaacha yote yapite mtandao wa kimataifa, litalipa dola 600 kwa yale makubwa na dola 40 kwa yale madogo, jumla dola 640. Likiyasukuma yote eftpos, litalipa dola 240 na dola 240, jumla dola 480. Likiiagiza mashine ipeleke eftpos kila malipo yanayozidi dola 24 na kuyaacha madogo yafuate njia ya kimataifa, litalipa dola 240 na dola 40, jumla dola 280. Hilo linawezekana kwa sababu mashine inajua kiasi kabla kadi haijagusishwa, muuzaji ameshakiingiza. Lakini si kila mtoa mashine anatoa mpangilio wa kikomo cha kiasi. Baadhi wanakupa kuwasha au kuzima tu, na duka linalouza vitu vya bei ndogo pekee linaweza kujikuta limewasha kitu kinachoiongeza bili yake.

Kuna mtego mwingine ulio mkubwa kuliko huo. Wafanyabiashara wengi wadogo wako kwenye mpango wa bei moja: asilimia fulani kwa kila kadi, iwe ya debiti au ya mkopo, mtandao wowote. Kwa mtu wa aina hiyo, kubadilisha njia hakupunguzi hata senti. Gharama ya jumla inashuka, naam, lakini nafuu inabaki kwa mtoa mashine. Swali la kumuuliza si "je, mnaweza kuelekeza malipo kwenye njia ya bei nafuu?" kwa sababu jibu linaweza kuwa ndiyo na bado usifaidike. Muulize hivi: "Ada yangu ya debiti kwa kila mtandao ni kiasi gani, na nafuu hiyo inanifikia mimi?" Asipoweza kukuonyesha bili inayotenganisha eftpos, debiti ya kimataifa na mkopo, huna cha kupima.

Kuthibitisha kwamba mpangilio unafanya kazi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chukua kadi ya debiti unayojua ina nembo zote mbili, igusishe kwenye mashine yako kwa malipo ya kweli, kisha soma risiti. Risiti nyingi huchapisha AID pamoja na jina la programu. Ukiona A00000038410 au A00000038420, malipo yamepita eftpos; ya kwanza ni kwa akaunti ya akiba na ya pili kwa akaunti ya hundi. Ukiona A0000000031010 umepita Visa, na A0000000041010 ni Mastercard. Kama ulishaambiwa mpangilio umewashwa na risiti inaonyesha Visa, jaribu kadi nyingine kwanza kabla ya kupiga simu, kwa sababu huenda kadi ile ina programu moja tu kwenye chipu. Zipo benki, hasa ndogo, zinazotoa kadi za mtandao mmoja ili kuepuka gharama ya kuhudumia miwili.

Simu nayo ilileta kizuizi chake. Kadi inapoingizwa kwenye pochi ya simu, kinachowekwa humo ni tokeni inayosimama badala ya namba ya kadi, na tokeni hutolewa kwa kila mtandao kivyake. Ikiwa benki imeweka tokeni ya Visa peke yake, mashine itakuta jina moja kwenye orodha na haitakuwa na cha kuchagua, hata kama kadi ya plastiki ya mteja huyohuyo ina mitandao miwili. Kwa miaka mingi hali ilikuwa hiyo, na kadiri watu walivyoacha kadi mfukoni na kugusisha simu ndivyo nafuu ya mfanyabiashara ilivyopungua bila yeye kubadilisha chochote.

Na mteja? Fedha zinatoka akaunti ileile, lakini taratibu za kupinga muamala hufuata kanuni za mtandao uliotumika, kwa hiyo si jambo la kupuuzwa kabisa. Umoja wa Ulaya uliliangalia hilo katika kanuni yake namba 2015/751: mfanyabiashara anaruhusiwa kuweka chaguo la awali kwenye mashine yake, ila haruhusiwi kumzuia mlipaji kulibadilisha. Australia, mteja anayetaka kuchagua mwenyewe ana njia ileile ya zamani: achomeke kadi, kisha abonyeze anachotaka.