Kichwa cha video ya mazoezi: dhana potofu zinazowafukuza wanaoanza

Tuchukue video moja ya dakika 15. Mwalimu anakaa na kuinuka kwenye kiti, anapiga pushapu za ukutani, analala chali na kuinua nyonga, kisha anamaliza kwa planki ya magoti. Ni video nzuri kabisa kwa mtu ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka. Halafu inapandishwa YouTube na kichwa hiki: "Ondoa Kitambi kwa Siku 7, Matokeo ya Kushangaza!"

Dhana: Bila ahadi kubwa, hakuna atakayebofya.

Kubofya atabofya. Lakini aliyekuja kuondoa kitambi akikuta mtu anakaa na kuinuka kwenye kiti, anaondoka kabla hata mwili haujapata joto. Fungua takwimu za video yako uangalie mchoro wa watazamaji: mstari ukiporomoka ndani ya sekunde 30 za kwanza, mara nyingi kichwa na picha ya jalada vimeahidi kitu ambacho video haina. YouTube wenyewe, ukitumia kipimo chao cha kulinganisha picha za jalada, hawachagui mshindi kwa mibofyo. Wanaangalia picha ipi imeleta muda mwingi zaidi wa kutazama.

Isitoshe, ahadi yenyewe si ya kweli. Zoezi la tumbo huimarisha misuli ya tumbo, lakini haliamui mafuta yatoke sehemu gani ya mwili. Anachoweza kukipata anayeanza katika wiki za mwanzo ni nguvu: anainuka kitini kwa urahisi kuliko jana, kwa sababu mishipa ya fahamu imejifunza kuitumia misuli aliyonayo. Hilo halionekani kwenye picha za "kabla na baada", na ndiyo maana picha hizo sizitaki kwenye jalada la video ya aina hii. Mwoneshe mwalimu akiwa katikati ya zoezi, kiti kikionekana wazi.

Kichwa kile mimi ningekiandika hivi: "Mazoezi ya Nyumbani kwa Anayeanza: Dakika 15 Bila Vifaa, Bila Kuruka". Ni herufi 68 pamoja na nafasi, na YouTube inaruhusu hadi 100. Maneno anayoyatafuta mtu yametangulia, kwa kuwa kwenye simu mwisho wa kichwa kirefu hukatwa. Na hayo "bila kuruka" ni ya thamani kubwa kwa mwenye magoti yanayouma au anayeishi ghorofani.

Dhana: Ukiongeza "hadi" au alama ya kuuliza, umejisafisha.

"Punguza hadi kilo 5?" bado inaacha kilo 5 kichwani mwa msomaji. Kuandika chini kabisa ya maelezo kwamba matokeo hutofautiana hakusaidii, maana wengi husoma mistari miwili ya juu tu, na mingine hufichwa hadi mtu abofye. Mistari hiyo miwili ndiyo ya kusema ukweli: video ni ya nani, ina mazoezi gani, unahitaji nini. Kama unatumia kiti na ukuta, vitaje. Mtu aliyesoma "bila vifaa" kisha akaambiwa dakika ya tatu avute kiti imara ana haki ya kuudhika.

Baada ya hapo weka sura za video:

```
00:00 Utakachofanya leo
00:45 Kupasha mwili joto
03:45 Kukaa na kuinuka kitini
06:15 Pushapu za ukutani
08:45 Kuinua nyonga
11:15 Planki ya magoti
13:00 Kunyoosha viungo
```

Sura zitatokea ikiwa ya kwanza ni 00:00, zipo angalau tatu kwa mfuatano, na kila moja ina sekunde 10 au zaidi. Zinamsaidia sana anayeanza: planki ikimshinda, anaruka moja kwa moja kwenda kunyoosha viungo badala ya kufunga video.

Dhana: Maneno ya "kupunguza tumbo" nitayaficha kwenye tagi.

Tagi zina mchango mdogo sana katika kupatikana kwa video. YouTube wanasema faida yake kubwa ni kwa maneno ambayo watu huyakosea tahajia. Kuzihamishia kwenye maelezo kama rundo la maneno ni kuvunja kanuni zao, na video inaweza kuondolewa. Andika chache zinazolingana na ulichorekodi: mazoezi ya nyumbani, mazoezi bila vifaa, mazoezi ya kiti, pushapu za ukutani.

Kama video yako ilishapanda na kichwa cha kitambi, huna haja ya kuifuta. Badilisha kichwa na jalada, andika tarehe ya mabadiliko, kisha baada ya wiki chache linganisha sekunde zile 30 za kwanza, kabla na baada ya tarehe hiyo.