Gawanya kwa ngapi? Hela ya mlinzi na taka ilipopanda hapa Ipuli

Mpangaji mmoja wa Ipuli, dada ambaye nilimsaidia kusoma mkataba wake mwaka jana, alinipigia jioni moja bila hata salamu ndefu. Hela ya mlinzi na taka ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, sasa anadaiwa 30,000, na tayari keshalipa miezi miwili kwa bei hiyo mpya. Alipouliza kulikoni, mama mwenye nyumba alimjibu, "Mwanangu, vitu vimepanda."

Kazi yangu ni kusimamia nyumba za kupanga hapa Tabora na kutunza mahesabu yake, kwa hiyo jibu hilo nalijua vizuri. Hata mimi nimewahi kulitoa. Si lazima liwe uongo, ila halimwambii mpangaji ni kitu gani kilichopanda na kwa kiasi gani.

Nilimwambia asiende kugombana na asiombe mchanganuo kwa maneno matupu. Ukisema "naomba mchanganuo" utapewa karatasi yenye mistari miwili, ulinzi kiasi fulani na taka kiasi fulani, na jumla italingana na unachodaiwa, kwa sababu aliyeiandika ameanza na jumla akarudi nyuma. Aombe mambo matatu: mlinzi analipwa shilingi ngapi kwa mwezi, stakabadhi za taka za mwezi uliopita, na jumla hiyo inagawanywa kwa nyumba ngapi. Watu wengi hulisahau hilo la tatu.

Ujumbe aliotuma ulikuwa hivi: "Shikamoo mama. Hela ya mwezi huu ninayo, sina tatizo la kulipa. Naomba tu unisaidie kuona mlinzi tunamlipa ngapi sasa, risiti za taka, na tunagawana nyumba ngapi, ili nami nijipange. Asante mama." Sentensi ya "hela ninayo" ina kazi yake. Mwenye nyumba akihisi unatafuta njia ya kukwepa kulipa, atafunga daftari hapo hapo.

Mama alimwita nyumbani, akamfungulia kaunta buku. Ndani ya uzio mmoja kuna nyumba 12. Zamani mlinzi alilipwa 180,000, na taka zilikuwa 5,000 kwa kila nyumba, yaani 60,000. Jumla 240,000, ukigawa kwa 12 unapata 20,000. Hesabu safi kabisa.

Sasa mlinzi anagharimu 210,000. Hapo mama alikuwa na hoja ya kweli. Mlinzi wa zamani alikuwa akilinda usiku wote, wiki nzima, bila kupumzika, mpaka akaanza kusinzia getini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi angalau saa 24 za mapumziko kila wiki, kwa hiyo mama akatafuta kijana wa kushika zamu usiku mmoja kwa wiki. Usiku minne kwa 7,500 ni 30,000. Kwenye daftari la zamu getini jina la yule kijana lilikuwepo, na sahihi yake pia, kila Jumapili. Ukitaka kujua kama kweli kuna mlinzi wa pili, angalia daftari hilo. Kama hakuna daftari, muulize mlinzi mwenyewe analala kwake siku gani.

Taka zilibaki 60,000. Jumla mpya ni 270,000. Ukigawa kwa 12 unapata 22,500, lakini dada yule anadaiwa 30,000. Hiyo 7,500 imetoka wapi?

Nyumba tatu zilikuwa tupu. Mama alikuwa amegawa 270,000 kwa wapangaji tisa waliobaki, ndipo ikaja 30,000 kamili. Kwa maneno mengine, katika ile 10,000 iliyoongezeka, ni 2,500 tu iliyotokana na kitu kilichopanda. Iliyobaki ni mzigo wa nyumba ambazo hazina watu.

Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa hili miaka michache nyuma, bila nia mbaya. Unakaa mezani mwisho wa mwezi, gharama unazo, majina ya wanaolipa unayo, unagawanya. Kikokotoo hakikuulizi kama nyumba namba 4 ina mtu. Mpangaji mmoja alihama, wenzake wakapandishiwa, wengine wawili wakachukia wakahama, nikawapandishia tena waliobaki. Kufika mwezi wa nne nilikuwa nimefukuza nusu ya wapangaji kwa kalamu yangu.

Mama alijitetea kwamba mlinzi analinda hata nyumba tupu. Ni kweli, na jibu limo humo humo: nyumba tupu ni mali yake, milango na vioo vyake ndivyo vinavyolindwa, basi fungu la ulinzi wa nyumba hizo ni lake. Tatu kwa 17,500 ni 52,500 kwa mwezi. Inauma, najua, hasa mwezi ambao nyumba tatu haziingizi kitu.

Taka ndizo zilizokuwa na swali gumu zaidi. Kama mzoaji anatoza kwa kila kaya na kutoa stakabadhi, hesabu stakabadhi. Zilikuwa tisa, za 5,000 kila moja, yaani 45,000. Nyumba isiyo na mtu haitoi taka, na mzoaji hakuidai. Zile 15,000 za juu hazikuwa na karatasi yoyote. Sikumwita mama mwizi, na sidhani alikuwa hivyo. Alikuwa ananakili mstari wa mwezi uliopita.

Mambo yangekuwa tofauti kama uzio huo ungekuwa unalipia taka kwa tripu. Hapo nyumba tupu hazipunguzi sana, na gharama hupanda na kushuka. Msimu wa maembe hapa Tabora, maganda na kokwa hujaza pipa ndani ya siku mbili, tripu zinaongezeka, na ongezeko ni halali. Ila maembe yakiisha, bei nayo ishuke. Ikibaki juu hadi mwezi wa sita, omba tena karatasi.

Kabla ya kumpa hesabu hii niliufungua mkataba wake. Kama ungesema "gharama za huduma ni shilingi 20,000 kwa mwezi" bila kifungu cha kubadilisha, hata ile 2,500 ingesubiri mkataba uishe au yeye akubali mwenyewe. Wake ulisema mpangaji atachangia "kwa uwiano" ulinzi na usafi, basi tu. Neno hilo linaruhusu gharama kupanda, lakini halimfanyi mpangaji abebe nyumba ya jirani asiyekuwepo. Kama mkataba wako ni wa mdomo, kilichobaki ni maelewano, na ndiyo maana shikamoo ya mwanzo isikosekane.

Hesabu niliyomwandikia ilikuwa mistari miwili: ulinzi 210,000 kwa nyumba 12 ni 17,500, taka ni 5,000 kwa stakabadhi. Jumla 22,500. Mama aliisoma kimya, akachukua kikokotoo chake akarudia mara mbili, kisha akauliza kama wale wenzake wanane wanajua. Dada akasema bado.

Fedha taslimu mama hakurudisha. Walikubaliana zile 15,000 zilizozidi katika miezi miwili zikatwe kwenye malipo yanayofuata, na mwezi huo dada akalipa 7,500. Wiki moja baadaye wote wanane walikuwa kibarazani kwa mama, kila mmoja na karatasi yake.